Je, wajua? Zip hubanaje faili bila kupoteza herufi?

“Nikibana faili kwa zip linapungua, nikilifungua linarudi vilevile. Zile baiti zilizoondoka zilikuwa wapi?”

Hazikuwa zimefichwa popote. Zilikuwa marudio ya kitu kilichokwisha kuandikwa, na kitu kilichokwisha kuandikwa hakina haja ya kuandikwa tena. Inatosha kusema kilipo na urefu wake. Wazo hili lilichapishwa mwaka 1977 na Abraham Lempel na Jacob Ziv, na ndilo lililomo ndani ya zip, gzip na picha za PNG.

Tuchukue methali tunayoijua sote, “haraka haraka haina baraka”. Ukihesabu na nafasi za katikati, ni herufi 26, yaani baiti 26. Programu husoma kutoka kushoto. Mwanzoni haina kumbukumbu yoyote, kwa hiyo “haraka” na nafasi inayofuata huandikwa kama zilivyo: baiti 7. Inapofika kwenye “haraka” ya pili hutazama nyuma, na badala ya kuandika tena huweka rejea yenye namba mbili: rudi nyuma hatua ngapi, nakili herufi ngapi. Methali yote inakuwa hivi (alama ya _ ni nafasi):

```
haraka_ (7,9) ina_b (13,5)
```

Itazame vizuri ile rejea ya kwanza. Inasema rudi nyuma hatua 7 unakili herufi 9, ilhali nyuma kuna herufi 7 tu! Hapo hakuna kosa. Kunakili hufanywa herufi moja moja, na kila herufi ikishawekwa inahesabika kuwa ipo. Baada ya kunakili “haraka” na nafasi yake, herufi ya nane inayofuata kunakiliwa ni ile “h” iliyotoka kuwekwa sasa hivi, kisha “a”. Ndiyo maana “ha” ya “haina” imeingia humo humo. Kwangu mimi hiki ndicho kipande kizuri kuliko vyote, maana kwa njia hiyo sifuri milioni moja zinaweza kuelezwa kwa sifuri moja na rejea zinazojinakili zenyewe. Rejea ya pili inarudi hatua 13 na kuchukua “araka” ili kumalizia “baraka”. Zimebaki herufi 12 zilizoandikwa wazi na rejea mbili. Fuata maagizo hayo kwa kalamu na karatasi, utaipata methali nzima, herufi kwa herufi.

Katika zip na gzip za kawaida, programu haitazami nyuma zaidi ya baiti 32,768, na rejea moja hunakili kuanzia baiti 3 hadi 258. Marudio yaliyo mbali kuliko hapo hayaonekani kabisa, hata kama kurasa mbili zinafanana neno kwa neno. Baada ya rejea kupatikana huja hatua ya pili, aliyoichapisha David Huffman mwaka 1952: kinachotokea mara nyingi hupewa biti chache, kinachotokea kwa nadra hupewa nyingi. Kwenye zile herufi 12 zilizobaki za methali yetu “a” imetokea mara 4, kuliko herufi nyingine yoyote, kwa hiyo ingepewa alama fupi.

Pasipo marudio, hakuna cha kubana. Kwenye Linux au Mac jaribu hivi:

```
head -c 1000000 /dev/zero | gzip | wc -c
head -c 1000000 /dev/urandom | gzip | wc -c
```

Amri ya kwanza inabana sifuri tupu, na baiti milioni zinabaki kama elfu moja. Ya pili inabana data ya kubahatisha, na jibu linazidi milioni kidogo, kwa sababu gzip huongeza maelezo yake mwenyewe, angalau baiti 18. Kwa sababu hiyo hiyo methali yetu peke yake, ikipitishwa kwenye gzip, hutoka kubwa kuliko ilivyoingia. Picha za JPEG na video nazo hazipungui kwa maana, kwani zilishabanwa zilipotengenezwa. Wala hakuna programu itakayobana kila faili. Faili za biti 2 ni nne. Zilizo fupi kuliko hizo, ukihesabu na faili tupu, ni tatu. Nne haziwezi kuingia kwenye tatu bila mbili kugongana, na zikigongana hutajua ufungue ipi.

Udhaifu wa mbinu hii ni kwamba rejea hutegemea kilichotangulia. Biti moja ikiharibika wakati wa kunakili faili, kosa hunakiliwa na kila rejea inayopita hapo, au usomaji wote unakwama. Ndiyo maana mwishoni mwa faili la gzip kuna namba ya ukaguzi, CRC-32, iliyokokotolewa kutoka data ya asili. Baada ya kufungua, namba hukokotolewa upya na kulinganishwa. Unaweza kukagua bila kuandika faili lolote jipya kwa `gzip -t jina.gz`. Ikinyamaza, faili ni zima, na ikileta `crc error`, tafuta nakala nyingine kabla hujafuta ya asili.