Kisu cha keki kiko kwa nani?

Jumamosi moja ya mwezi wa 6, ukumbi wa Mwanjelwa ulikuwa umejaa, matarumbeta yametulia, na MC ameshawaita maharusi mbele ya keki. Mwanakamati mmoja akanisogelea akaninong'oneza: "Dada, kisu kiko kwa nani?" Nikafungua karatasi yangu. Mbele ya neno "kisu" nilikuwa nimeandika "kamati". Kamati ilikuwa na watu 18, na kila mmoja wao alijua kwamba kisu kipo. Kilikuwepo kweli, kwenye buti la gari la maharusi, na dereva alikuwa ametoka nalo kwenda kuongeza mafuta. Keki ilikatwa kwa kisu cha jikoni tulichokifunga utepe haraka haraka.

Tangu siku hiyo, kwenye orodha zangu za siku ya harusi kila kitu kina jina la mtu mmoja. Siandiki "familia", siandiki "upande wa bibi harusi". Na jina hilo silichagui kwa ukaribu wa undugu. Najiuliza mambo matatu: kitu hiki kitalala wapi Ijumaa usiku, kitatakiwa wapi na saa ngapi, na dakika 10 kabla ya saa hiyo huyu mtu atakuwa amesimama wapi. Swali la tatu ndilo linaloondoa majina mengi. Matroni, kwa mfano, ni mwaminifu kuliko wote, lakini saa 11 jioni yuko kwenye picha ameshika shela. Ukimpa glasi za kugonganisha, glasi zitafika ukumbini pamoja na yeye, yaani zimechelewa.

Nichukue harusi moja niliyoisimamia, majina nimeyabadilisha. Bibi harusi alivalia nyumbani kwao Uyole, ndoa ilikuwa kanisani Soweto saa 8 mchana, na sherehe ukumbini Forest kuanzia saa 12 jioni. Wa Mbeya mnaijua barabara hiyo: kutoka Uyole kuingia mjini unabanana na malori ya Tunduma, na foleni ikikaza hakuna anayeipigia honi ikafunguka. Kwa hiyo la kwanza nililofanya ni kugawa vitu kwa safari. Cha kanisani kilitoka Uyole na msafara. Cha ukumbini hakikupanda kabisa gari la maharusi, kwa sababu gari hilo ndilo linalopita kwenye picha na ndilo linalofika mwisho.

Mistari ya karatasi ile ilisomeka hivi:

Pete 2 – Lusajo (msimamizi wa bwana harusi) – mfuko wa ndani wa koti – kanisani, saa 7:30
Kalamu 2 na faili gumu la cheti – Mama mdogo Tumpe – pochi yake – kanisani, saa 7:30
Shali nyeupe na viatu vya chini – Subira (matroni) – mfuko mwekundu – gari la maharusi
Keki, kisu, shampeni, glasi 2 – Atupele – meza ya keki – ukumbini, saa 10:00

Pete hufahamika, hakuna anayezisahau. Ninachosisitiza ni zitolewe kwenye lile boksi kubwa la dukani ziingie kwenye kiboksi kidogo, na bwana na bibi wazijaribu asubuhi ile ile. Mwezi wa 6 na wa 7 huku kwetu usiku joto hushuka chini ya nyuzi 10, na vidole hunywea kwa baridi. Pete iliyokaa vizuri dukani mchana inaweza kucheza kidoleni asubuhi, ni afadhali mjue mapema. Shali nayo ni kwa sababu hiyo hiyo. Gauni liko wazi mabegani, picha zinapigwa nje jioni, na bibi harusi anayetetemeka huonekana kwenye kila picha. Harusi ikiangukia masika nabadilisha mstari huo: miavuli 4 mikubwa, na khanga mbili za kutandika chini shela lisiburuzwe kwenye tope.

Cheti ndicho watu hukichukulia poa. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inataka mashahidi wasiopungua wawili, na kwa kawaida wasimamizi ndio wanaosaini. Wakishasaini, kila mtu anakimbilia vigelegele nje, na karatasi inabaki kwenye mikono iliyojaa maua. Nimeshakuta cheti kimekunjwa ndani ya shada. Ndiyo maana Mama mdogo Tumpe aliletewa faili gumu, akaambiwa asimame karibu na meza ya kusaini, akipokee na asimpe mtu mwingine hadi Jumapili.

Sasa Atupele. Yeye hakuhudhuria ibada. Mtu wa ukumbi haendi kanisani, na hili lazima lisemwe mapema, tena kwa heshima, kwa sababu ni kumnyima kitu. Ndiyo maana simpi kazi hiyo dada wa bibi harusi wala shangazi. Namtafuta rafiki wa kazini au jirani anayekubali kwa moyo. Atupele alikuwa ukumbini saa 10, akapokea keki, akaweka kisu kando yake, akajaribu flashi ya nyimbo kwenye mashine yenyewe ya DJ. Wimbo wa kuingilia maharusi ulikataa kucheza. Kwa kuwa saa ilikuwa bado, aliutuma kwa simu na ukafanya kazi. Ndafu ilipoletwa na mpishi, yeye ndiye aliyeangalia kama vijiti na sinia la kuwalishia wazazi vipo.

Bahasha za salio zilishikwa na mhazini, na mhazini hakupewa kitu kingine chochote. MC, DJ, matarumbeta na mpishi kila mmoja ana bahasha yake, jina na kiasi vimeandikwa juu, na anayepokea anasaini. Orodha ya utambulisho ilikuwa kwa mjomba Ambakisye, imeandikwa kwa majina wanayoitwa ukooni, maana MC akisoma jina la kwenye kitambulisho hata mwenyewe hasimami.

Alhamisi jioni nampigia kila aliyeandikwa. Simuulizi kama amejiandaa. Namuuliza, "Kiko wapi sasa hivi?" Akijibu "kipo, usijali dada", najua hajakiona. Akisema "kiko juu ya kabati chumbani kwa mama", namshukuru na kuendelea. Kwa yule wa kwanza naomba picha kwa simu usiku huo huo. Subira alinijibu hivyo hivyo, "vipo", na picha ilipochelewa tukagundua viatu vya chini vilibaki kwa fundi aliyekuwa anavigundisha soli. Ijumaa asubuhi vilifuatwa.

Karatasi ina upande wa nyuma pia, wa vitu vinavyotoka ukumbini saa 6 usiku. Hapo wanaandikwa wasiokunywa na wenye usafiri: nani anabeba zawadi, nani anarudisha vya kukodi, nani anaondoka na sanduku la bahasha. Sanduku la harusi ile lilikwenda kwa baba mkubwa likiwa limefungwa, likafunguliwa Jumapili mchana mbele ya watu wawili, mmoja kila upande, jina na kiasi vikiandikwa daftarini. Kisu kilikuwa cha mpambaji. Atupele alimrudishia Jumatatu, akanitumia picha.