Je, Wajua? Namna ya Kupima Kama Swali la Mtihani wa Zamani Limo Katika Notsi Zako

"Kuna mtihani wa miaka ya nyuma umepakiwa kwenye kikundi chetu cha darasa. Nitajuaje kama swali fulani limo katika notsi tulizopewa na mhadhiri, au ninahangaika kutafuta kitu ambacho hakimo kabisa?"

Kinacholinganishwa na notsi ni jibu, si swali. Andika kwa ufupi hatua ambazo jibu kamili lingezipitia, kisha kwa kila hatua tafuta mahali katika notsi panapoibeba. Hatua zote zikipata mahali, swali limo. Ikikosekana hata moja, na ikawa ni hatua ambayo mtu hawezi kuifikia kwa kufikiri peke yake, basi swali halimo au limo nusu, hata kama maneno yake yote yametapakaa katika kila ukurasa.

Wanafunzi wengi hufanya kinyume chake. Huchukua maneno makubwa ya swali, huyatafuta kwenye faili la notsi kwa `Ctrl+F`, na yakionekana huhesabu kwamba mada imefundishwa. Njia hii ni ya haraka, lakini hupotosha kwa pande mbili. Upande wa kwanza ni pale neno linapokuwapo ilhali kazi inayodaiwa na swali haipo. Upande wa pili hausemwi sana, nao una hasara kubwa zaidi, kwa sababu humfanya mwanafunzi aache swali ambalo angeweza kulijibu: neno halipo popote, lakini jibu lipo.

Chukua swali hili: wazazi wote wawili wana damu ya kundi A, mtoto wao wa kwanza ana kundi O, eleza jambo hilo linawezekanaje. Notsi za urithi za mwaka wa kwanza huenda zimezungumzia njegere za Mendel tu, mviringo na zilizokunjamana, bila kutaja damu hata mara moja. Anayetafuta neno "damu" ataambulia patupu. Lakini notsi hizo zimesema kwamba njegere mbili za mviringo zinaweza kuzaa iliyokunjamana, kwa kuwa kila mzazi alibeba nakala moja iliyofichwa ya sifa hiyo. Sifa ambayo haionekani kwa mzazi yeyote kisha ikajitokeza kwa mtoto ni lazima ilikuwa imefichwa kwa wazazi wote wawili, na hapo swali la damu limekwisha kujibiwa. Limo.

Ili kuona upande mwingine, tutazame kwa karibu swali lenye vipengele vitatu, la aina inayopatikana sana katika mitihani ya jenetikia, ambalo hapa ninaliweka kwa Kiswahili. Katika jamii fulani, mtoto 1 kati ya kila 100 wanaozaliwa ana ugonjwa wa selimundu. (a) Eleza namna ugonjwa huo unavyorithiwa, alama 4. (b) Kokotoa asilimia ya watoto wanaozaliwa wakiwa wabebaji wa jeni hiyo, alama 6. (c) Jadili kwa nini jeni hiyo haijatoweka katika maeneo yenye malaria, alama 10.

Tuseme notsi zilizotolewa zina mambo matatu. Zinaeleza kwamba mgonjwa hurithi nakala mbili za jeni ya HbS, moja kutoka kwa kila mzazi, na kwamba mwenye nakala moja ni mbebaji. Zina jedwali la wazazi wawili wabebaji, linaloonyesha kwamba kila mtoto wao ana uwezekano wa robo kuwa mgonjwa na nusu kuwa mbebaji. Kisha zina sentensi moja inayosema kwamba wabebaji hukingwa kwa kiasi kikubwa dhidi ya malaria kali. Selimundu, mbebaji, jeni, malaria: maneno yote ya swali yamo, na kwa kipimo cha kutafuta maneno vipengele vyote vitatu vimefundishwa.

Kipengele (a) kweli kimo. Hatua zake ni nakala mbili, mbebaji, na jedwali, na kila moja ina mahali pake. Hakuna la kuongeza hapo.

Kipengele (b) ndicho kinachohitaji subira, kwa hiyo tuandike jibu lake hatua kwa hatua. Hatua ya kwanza ni kutambua kwamba mtoto 1 kati ya 100 ni yule mwenye nakala mbili. Hili limo katika notsi. Hatua ya pili ni kuitazama jamii nzima kama bohari moja la nakala za jeni, na kusema kwamba ikiwa sehemu ya HbS katika bohari hilo ni q, basi uwezekano wa mtoto kupata mbili ni q mara q. Kwa hiyo q² ni 0.01, na q ni 0.1. Hatua ya tatu ni kupata sehemu ya jeni ya kawaida, yaani p, ambayo ni 0.9. Hatua ya nne ni kuhesabu wabebaji: 2 × 0.9 × 0.1, yaani 0.18, sawa na asilimia 18.

Sasa rudi kwenye notsi na hatua ya pili mkononi. Hakuna ukurasa unaozungumzia sehemu ya jeni katika jamii nzima. Jedwali lililopo linahusu wazazi wawili tu, tena waliokwisha kujulikana kuwa ni wabebaji. Pengo hili lina dalili moja ya wazi ambayo ninaipa uzito mkubwa: notsi zinakupa tarakimu, lakini ni jibu la swali jingine. Mwanafunzi mwenye notsi hizi peke yake atatazama jedwali na kuandika asilimia 50, ambayo ni sahihi kwa watoto wa wabebaji wawili na ni makosa makubwa kwa jamii nzima. Kila unapojikuta unalazimisha mfano wa notsi uingie kwenye swali bila kutumia takwimu ambazo swali limekupa, hapa ile 1 kati ya 100, fahamu kwamba kuna hatua iliyokosekana.

Linalobaki ni kuamua kama hatua iliyokosekana ni ya kufikiri au ya kuambiwa. Mtu mwenye unga, sukari, mafuta, maji na hamira, ambaye hajaelezwa utaratibu wa kupika maandazi, anaweza kuutafakari na kufika mahali. Asiye na hamira atakanda mpaka achoke na unga hautaumuka, kwa maana kilichokosekana si utaratibu bali ni kitu chenyewe. Notsi nazo ni hivyo hivyo. Zikiwa na taarifa zote na kukosa tu sentensi inayoziunganisha, swali limo, na kuunganisha ndiko kunakopimwa. Zikikosa taarifa, kanuni au dhana ambayo haichipui kutoka katika zile zilizopo, swali halimo.

Kwa kipimo hicho (b) inakaa mpakani, na ni haki kulisema hilo waziwazi. Kanuni inayohusika, p² + 2pq + q² = 1, ilitolewa mwaka 1908 na Hardy, mwanahisabati wa Uingereza, na Weinberg, daktari wa Ujerumani, kila mmoja kivyake. Msingi wake ni kuzidisha uwezekano tu, na mwanafunzi hodari angeweza kuijenga upya kwa kuchukua jedwali lile lile la wazazi na kuandika 0.9 na 0.1 mahali pa nusu na nusu. Lakini ili aanze kufanya hivyo ni lazima awe tayari na dhana ya sehemu ya jeni katika jamii, na dhana hiyo ndiyo hamira isiyokuwapo. Kama notsi zingekuwa na hata aya moja inayoieleza, ningehesabu (b) kuwa imo bila kanuni yenyewe kuandikwa. Kwa notsi tulizo nazo, haimo.

Kipengele (c) hudanganya kwa njia nyingine. Notsi zina sentensi moja tu kuhusu malaria, na alama ni 10. Je, imefundishwa? Orodhesha hatua. Wagonjwa wengi wasiopata matibabu hufa kabla ya kuzaa, hivyo jeni hupungua. Wabebaji hunusurika malaria kali kuliko wasio na jeni hiyo, hivyo huzaa zaidi na kuirudisha. Nguvu hizo mbili hushindana mpaka jeni ikatulia katika kiwango fulani. Pasipo malaria, nguvu ya pili huondoka na jeni huanza kupungua. Hatua ya pili imo katika notsi. Ya tatu na ya nne ni za kufikiri. Ya kwanza itategemea kama notsi zimeeleza ukali wa ugonjwa, na mara nyingi zimeeleza. Hoja kuu kwa hiyo inajengeka.

Hata hivyo, kujengeka kwa hoja si sawa na kutosheleza alama. Neno "jadili" lenye alama 10 kwa kawaida hutarajia ushahidi na mipaka: kwa mfano, kazi ya Anthony Allison, aliyekulia Kenya na ambaye mwaka 1954 alichapisha ushahidi wa uhusiano huo kutokana na utafiti wake Afrika Mashariki, au maelezo kwamba kinga hiyo ni dhidi ya vimelea vya Plasmodiamu falsiparamu hasa. Kama hayo hayamo, hukumu ya kweli ni kwamba (c) imo kwa hoja na haimo kwa ushahidi. Kiasi cha alama zinazopotea hakiwezi kukadiriwa kwa uhakika bila mwongozo wa usahihishaji, nao ni nadra kupakiwa pamoja na mtihani.

Kabla ya kutangaza kwamba kitu hakimo, kuna mambo machache ya kukagua kwenye nyaraka zenyewe. Notsi zilizopigwa picha mara nyingi hazitafutiki kwa `Ctrl+F` hata neno likiwa wazi machoni, kwa hiyo zipitie ukurasa hadi ukurasa. Michoro na majedwali hubeba hatua ambazo hazikuandikwa kwa maneno. Mtihani uliopigwa picha vibaya unaweza kupoteza kipeo, q² ikasomeka q, au nukta ya desimali ikafutika, na swali likaonekana geni kwa sababu hiyo tu. Kichwa cha karatasi nacho kisomwe: namba ya kozi na mwaka vikitofautiana na vya kwako, huenda mada ilihamishiwa kozi nyingine tangu wakati huo. Hatua inayokosekana inaweza pia kuwa ilifundishwa katika kozi iliyotangulia, na mhadhiri akaihesabu kuwa inajulikana. Katika mfano wetu, kuzidisha uwezekano ni hatua ya namna hiyo. Sehemu ya jeni katika jamii kwa kawaida siyo.

Baada ya ukaguzi huo, usiandike "limo" au "halimo" kwa swali zima. Andika kwa kila kipengele, pamoja na ukurasa: (a) imo, ukurasa wa 3; (b) haimo, imekosa sehemu ya jeni katika jamii; (c) hoja imo, ukurasa wa 3 na wa 5, ushahidi haumo. Ukimpelekea mhadhiri mstari wa (b) kama ulivyo, anaweza kukujibu kwa sentensi moja kama dhana hiyo inatarajiwa mwaka huu au imeondolewa.