Muda wa kukodisha anwani katika waifai ya wageni

Mwenye nyumba moja ya wageni yenye mgahawa, hapa Bagamoyo karibu na ufukwe, alinipigia simu Jumamosi jioni akaniambia, "Fundi, mtandao wangu unachagua watu." Waliofika asubuhi walikuwa wakiendelea vizuri, ilhali simu za waliofika jioni zilikuwa zikitafuta anwani ya IP kwa muda, kisha zikijitoa kwenye waifai. Kwa dalili hiyo, neno la siri huwa ninaliacha kando na kwanza ninahesabu anwani.

Ruta yake ilikuwa ikiendeshwa na programu ya OpenWrt, ikigawa anwani 150, na mtu fulani alikuwa ameweka muda wa kukodisha, yaani muda ambao kifaa huwekewa anwani yake, kuwa saa 24. Amri hizi mbili zilinipa jibu:

```
wc -l /tmp/dhcp.leases
logread | grep "no address"
```

Ya kwanza ilionyesha mistari 150, yaani kila anwani ilikuwa na mpangaji. Ya pili ilitoa maneno `no address available` tena na tena. Hata hivyo, waliokuwa wameketi mgahawani hawakuzidi watu hamsini. Simu ikiondoka kwa kawaida haiagi, na seva ya DHCP, yaani sehemu ya ruta inayogawa anwani, haina njia ya kujua kwamba imekwenda zake, kwa hiyo huendelea kuishikia anwani mpaka muda uishe. Siku ile simu zipatazo 180 zilipita tangu saa nne asubuhi hadi saa mbili usiku, na ya 150 iliingia kwenye saa kumi na moja jioni. Kila iliyofuata ilikosa.

Kabla sijafika walikuwa wamezima na kuwasha ruta, na tatizo likaondoka kwa saa chache. Tiba hiyo inadanganya, kwa sababu orodha ya anwani katika ruta ya namna hii hukaa kwenye kumbukumbu ya muda na hufutika. Seva hujaribu kuiita anwani kabla ya kuigawa upya, lakini simu iliyolala inaweza isiitike, na hapo anwani ya mtu aliyepo hupewa mwingine.

Ili kuchagua muda unaofaa, ni lazima kujua kwamba kifaa hakingoji muda uishe: nusu yake ikifika, huomba kuongezewa, na kikikubaliwa huanza kuhesabu upya. Mgeni wa chakula cha mchana hukaa kama saa moja na nusu. Nikiweka saa mbili, simu yake huongezewa baada ya saa moja, kwa hiyo anwani hushikiliwa kwa saa tatu tangu alipoingia. Saa za msongamano huingia simu 30 kwa saa, na 30 mara 3 ni 90, ambazo zinatosha ndani ya 150. Nikipunguza hadi saa moja, anwani hushikiliwa hadi saa mbili na nusu, yaani 75. Tofauti ni anwani 15 tu, na hazikuwa na kazi.

Baadaye kijana wa mapokezi, kwa nia njema, aliona kwamba dakika tano zingekuwa bora zaidi, akaziweka. Siku chache baadaye betri ya kuhifadhi umeme ya ruta iliharibika na ruta ikazimika kwa dakika kumi, huku swichi na vituo vya waifai vikiwa vinawaka. Tableti za wahudumu, ambazo hutuma oda kwenye printa ya jikoni bila kuhitaji intaneti hata kidogo, zilipoteza anwani zote na oda zikasimama. Sababu ni kwamba kifaa kinachoongezewa muda bila tatizo huwa kimebakiwa na angalau nusu ya muda wake wakati wowote. Kwa dakika tano, nusu ni dakika mbili na nusu. Kwa saa mbili, seva ingeweza kukosekana saa nzima na tableti hizo zisitambue.

Niliandika hivi katika `/etc/config/dhcp`:

```
option start '100'
option limit '150'
option leasetime '2h'
```

Printa niliipa anwani ya kudumu nje ya fungu hilo. Katika ofisi yenye kompyuta zilezile ishirini kila siku nisingejali hata siku 8, ambazo ndizo Windows Server huanza nazo.

Jambo moja huwasumbua wengi: kubadilisha namba hakufuti ahadi zilizokwisha kutolewa. Ukishusha kutoka saa 24 Jumamosi mchana, simu zilizoondoka asubuhi bado zitashika anwani hadi Jumapili asubuhi. Fanya badiliko hilo Alhamisi.