Uvivu wa wiki mbili: hotuba yangu ya Oktoba 10

Mara ya kwanza nilipopewa kipaza sauti kwenye Siku ya Afya ya Akili niliharibu. Nilianza na maneno "ugonjwa wa akili", na watoto waliokaa mbele wakageuka wote kumnyooshea kidole jamaa mmoja anayezunguka sokoni na magunia. Uwanja mzima ukacheka. Kuanzia hapo sikumpata tena mtu hata mmoja, kwa sababu kila aliyekuwapo alishaamua kuwa maneno yangu yanamhusu yule wa magunia, siyo mtu wa nyumbani kwake.

Mwaka huu sitaanza hivyo. Oktoba huku Mtwara watu wanaokota korosho na masikio yote yako kwenye mnada, kwa hiyo nitaanza na salfa, dawa ya kupulizia mikorosho. Nitauliza: nani anamjua mkulima hodari ambaye mwaka mmoja alikaa tu, msimu wa salfa ukampita? Mikono itanyooshwa. Hapo nitawasimulia habari ya mkulima mmoja wa upande wa Tandahimba. Mwenyewe ameniruhusu, nami nimebadilisha mambo kadhaa ili asitambulike.

Alikuwa mtu wa kuamka alfajiri. Mwezi Mei akaanza kuamka saa nane usiku na kukaa macho mpaka kunapambazuka. Juni mikorosho ikatoa maua, salfa iko ndani, yeye kalala. Ubwiri unga, ugonjwa ambao salfa huuzuia, ukashika maua. Mkewe alisema kwanza kwa upole, kisha kwa ukali, mwisho akamwita mjomba. Kwa Wamakonde wengi neno la mjomba ni zito kuliko la baba, na mjomba alipofika alimsema mpwa wake mbele ya watoto: mvivu, unajidekeza, jikaze. Yule bwana hakujibu. Wakadhani ni kiburi.

Kabla ya kufika kwangu kutibiwa alikuwa ameshakwenda zahanati mara tatu. Hakwenda kusema ana huzuni. Watu wetu hawasemi hivyo, wanasema kichwa kinawaka moto, moyo unakwenda mbio, mwili hauna nguvu, mawazo yamezidi. Alipimwa malaria, hakuna. Akapewa dawa ya maumivu na vitamini. Kwa mganga pia alipelekwa, na silaumu, maana walikuwa wanahangaika kumtafutia mtu wao nafuu.

Agosti walikuja watatu: yeye, mkewe na mjomba. Mjomba ndiye aliyeanza. "Mwanangu, huyu si mgonjwa. Huyu ni mvivu."

Sikubishana naye. Nilichukua dodoso la maswali tisa la kupima sonona, yaani huzuni iliyofikia kuwa ugonjwa. Linaitwa PHQ-9, nalo lina Kiswahili chake, nikamwomba mjomba asikilize tu. Kila swali linahusu wiki mbili zilizopita: jambo hili halikutokea kabisa, unaandika 0, siku kadhaa, 1, zaidi ya nusu ya siku hizo, 2, karibu kila siku, 3. Kukosa hamu ya kufanya mambo, 3. Huzuni, 2. Usingizi, 3. Uchovu, 3. Chakula, 2. Kujiona hafai na ameiangusha familia, 2. Kushindwa kutuliza akili, 1. Kusema na kutembea polepole mpaka watu wanaona, 1. Swali la tisa ni la kuwaza kwamba heri angekufa. Alinyamaza muda mrefu, kisha akasema siku kadhaa. 1. Jumla 18 kati ya 27. Kuanzia 10 mimi huanza kuchunguza kwa makini, na 18 si jambo la kusema jikaze.

Hesabu pekee haitoshi. Upungufu wa damu, tezi ya shingoni, pombe, hata msiba wa karibuni, vyote vinaweza kupandisha namba. Nikauliza pia kama aliwahi kuwa na siku za kuchangamka kupita kiasi, halali, anatumia fedha ovyo, kwa sababu mtu wa namna hiyo dawa za sonona zikitolewa peke yake zinaweza kumgeuza vibaya. Hakuwahi.

Lililomshtua mjomba lilikuwa lile swali la tisa. Alidhani nimempandikizia mpwa wake wazo la kifo. La hasha. Kuuliza hakumpandikizii mtu wazo hilo. Mara nyingi anashukuru kwamba kuna mtu wa kumwambia. Nikamuuliza zaidi: hakuwa na mpango wowote. Hata hivyo nilimwagiza mkewe jambo moja la siku ileile. Dawa za kuua wadudu wa mikorosho zilizokuwa chini ya kitanda ziende kwa jirani, zifungiwe huko. Wazo la namna hii huja na kupita, na saa linapokuja, kitu cha hatari kisiwe karibu.

Tukaanza fluoksetini, miligramu 20 asubuhi baada ya kula. Sikuchagua amitriptilini, ingawa ni ya zamani na inaleta usingizi, kwa sababu ni hatari zaidi mtu akizidisha kiasi. Na hapa ndipo familia nyingi hupotea. Usumbufu wa dawa huja kwanza, kichefuchefu, kichwa kuuma, kutotulia, wiki ya kwanza na ya pili. Nafuu huanza kuonekana wiki ya pili mpaka ya nne, wakati mwingine huchelewa zaidi. Asiyeambiwa hivi, siku ya tano anasema dawa imemzidishia, na vidonge vinaishia juu ya kabati. Nikamwambia mjomba: wewe ndiye utakayehesabu siku. Hali ya kutotulia ikizidi, au akitaja kufa tena, msisubiri tarehe, njooni.

Mkewe nilimpa kazi nyingine. Asimwambie tena nenda shambani, maana shamba lote kwa mtu wa namna hii ni mlima. Amwambie twende tukapalilie chini ya mkorosho mmoja, kisha turudi. Hata kama hana hamu. Wengi hudhani hamu ije kwanza ndipo mtu aamke. Kwenye sonona mara nyingi kazi ndogo hutangulia, hamu ikafuata.

Wiki ya pili namba ilikuwa 16. Mjomba alikunja uso. Wiki ya sita ilikuwa 8, usingizi umerudi mpaka saa kumi, na swali la tisa 0. Alitaka kuacha dawa palepale, jambo ambalo karibu kila mgonjwa hulitaka akipata nafuu. Nilimweleza kwamba tunaendelea angalau miezi tisa baada ya kupona, kisha tunapunguza taratibu, kwa kuwa anayekata mapema hurudiwa kwa urahisi.

Sitawaficha watu uwanjani yasiyotibika kwa kidonge. Korosho za mwaka ule zilikwenda, na deni la pembejeo lilibaki vilevile. Mjomba hakuomba radhi, angalau si mbele yangu, ila sasa anasema "alipoumwa" badala ya "alipokuwa mvivu". Mkewe bado anawaambia wakwe kwamba mumewe anatumia dawa za presha. Wana binti wa kuozesha, na anaogopa maneno ya "ukoo wenye kichaa". Sijamsahihisha. Dawa anahakikisha imemezwa kila asubuhi, na hilo la wakwe tutalizungumza akiwa tayari.