Nusu ya kimo si nusu ya ujazo

Mtu anapiga picha chupa ya sirapu rafuni, anaituma kwa mwenye duka na kuandika, "imebaki nusu." Ukitazama picha, mstari wa sirapu kweli uko katikati ya kimo. Lakini chupa yenyewe ni pana kitakoni na inapungua kuelekea mabegani, kwa hiyo kilichobaki si nusu.

Chupa ya namna hiyo, ukiacha mabega na shingo, ni koni iliyokatwa kichwa: chini kuna duara kubwa, juu duara dogo, na ubavu umenyooka kati yake. Ujazo wake unahitaji vipimo vitatu tu, yaani kipenyo cha chini D, kipenyo cha juu d, na kimo h:

```
V = π × h ÷ 12 × (D² + D×d + d²)
```

Ukipima kwa sentimita, jibu linakuja kwa mililita.

Wengi wanaokubali kwamba chupa si silinda hukimbilia wastani. Wanachukua kipenyo cha chini na cha juu, wanagawa kwa mbili, kisha wanapiga hesabu ya silinda. Wengine wanatafuta wastani wa maeneo ya maduara mawili. Njia hizi hazilingani zenyewe kwa zenyewe, na zote mbili zinakosea.

Kosa la wastani wa maeneo ni la kale. Waandishi wa Babeli walilitumia kwenye vibao vyao vya udongo. Wamisri walikuwa na kanuni sahihi: kwenye mafunjo ya hisabati yanayohifadhiwa Moscow, ya takriban mwaka 1850 KK, swali la 14 linahusu piramidi iliyokatwa kichwa, yenye upande wa 4 chini, 2 juu na kimo cha 6. Mwandishi anatafuta mraba wa 4, anapata 16. Anazidisha 4 kwa 2, anapata 8. Anatafuta mraba wa 2, anapata 4. Jumla ni 28, anaizidisha kwa theluthi ya kimo, yaani 2, jibu ni 56. Wastani wa pande ungempa 54, na wastani wa maeneo 60. Siri iko kwenye ile 8 ya katikati, upande mkubwa mara mdogo, na ndiyo inayosahaulika. Kwa koni ni vivyo hivyo; ni ile D×d.

Turudi kwenye chupa. Tuseme kwa ndani ina kipenyo cha sm 9 chini na sm 6 mabegani, na kimo cha sm 18 kati ya hapo. Ikijaa hadi mabegani inabeba kama mililita 806. Mstari ukiwa sm 9 kutoka chini, kipenyo cha pale ni sm 7.5, na sirapu iliyopo ni mililita 482, karibu asilimia 60. Nusu halisi iko chini zaidi, kwenye sm 7.3 hivi. Chupa ingekuwa nyembamba chini na pana juu, mstari ule ule wa katikati ungekuwa na asilimia 40 tu.

Vipimo vyenyewe vinatoka kwenye picha, na picha nayo ina hila zake. Simu ikishikwa juu na karibu, mabega yanakuwa karibu na kamera kuliko kitako, basi yanaonekana mapana kuliko yalivyo. Dalili yake ni uso wa sirapu: ukionekana kama yai badala ya mstari mmoja, kamera haikuwa usawa wake. Afadhali urudi nyuma, ushushe simu hadi yai ligeuke mstari, kisha ukuze picha kwa kuvuta. Kama picha ni ile ile tu uliyotumiwa, soma pale yai linapogusa mbavu za chupa, si ukingo wake wa nyuma ulio juu.

Halafu picha inaonyesha kioo kwa nje. Kioo cha milimita 3 kinageuza sm 9 kuwa sm 8.4, na eneo la duara linapungua kwa asilimia 13 hivi. Kwa hiyo mililita zinazopatikana kwa vipimo vya nje huzidi. Dawa ni kujaza maji chupa tupu ya aina hiyo hadi mabegani, kuyapima kwa kikombe chenye alama, na kuitumia kanuni kupata sehemu tu ya ujazo huo, maana kosa la unene kwa sehemu kubwa hujifuta lenyewe. Namba ya lebo haifai hapo, kwa kuwa sirapu mpya kwa kawaida hupita mabega na kuingia shingoni. Kitako kilichobonyea ndani nacho hupunguza ujazo wa chini, na kanuni haikijui.

Kwa hiyo unapotuma ile picha, andika "mstari uko katikati." Hilo ni kweli, na mwenye duka atapiga hesabu iliyobaki.