Jina la ukoo linaamuaje nani amtanie nani?

"Kwa nini mtu nisiyemjua, akishasikia ukoo wangu tu, anaanza kunitukana huku anacheka, nami sina ruhusa ya kukasirika?"

Kwa miaka mingi jibu langu lingekuwa: vita. Wangoni na Wahehe walipigana karne ya 19, wakapatana, wakawa watani. Wanyamwezi na Wazaramo nao tunaelezwa kwamba waliunganishwa na misafara ya kwenda pwani. Basi nikadhani kila utani una ugomvi wa zamani au safari ndefu nyuma yake, na nikikuta koo mbili zinataniana nilianza kutafuta vita vyao. Nilitafuta bure. Maelezo yale yanahusu makabila. Koo ndani ya kabila moja zinaweza kuwa watani bila babu wa huyu kumrushia mkuki babu wa yule.

Wabemba wa kaskazini mwa Zambia, ambao baadhi yao wako Kongo upande wa Katanga, ndio walionitoa tongotongo. Kwao ukoo huitwa mukowa, na kila mukowa una jina la kitu: mamba, samaki, chui, mbuzi, mvua, uyoga, chuma. Utani unafuata uhusiano wa vitu hivyo porini. Chui hula mbuzi, kwa hiyo Chui na Mbuzi ni watani. Mamba hula samaki, nao vilevile. Na ukoo wa Mamba, bena Ngandu, ndio unaotoa mfalme, Chitimukulu. Chuma kinatania koo za wanyama kwa jumla, maana mkuki ni chuma.

Ila si kwamba mwenye meno ndiye pekee anayetania. Ni kama mwenye duka na mteja wake: kila mmoja anaweza kudai mwenzake anaishi kwa hisani yake. Mvua atamwambia Uyoga, "Nisiponyesha, wewe hupo." Mamba akijigamba, Samaki humkumbusha kwamba bila yeye angelala njaa, hata akiwa na taji. Jozi zenyewe hazifuati mantiki hadi mwisho. Mvua huotesha mahindi na magugu pia, lakini anayetajwa ni uyoga.

Anayetegemea jina la kwenye kitambulisho ataumbuka. Mukowa hurithiwa kwa mama, ilhali jina la kwenye karatasi aghalabu ni la baba. Chukua ndugu wawili wa baba mmoja, mama mbalimbali, wote wanatumia jina lilelile. Wa kwanza mama yake ni Mbuzi, wa pili mama yake ni Uyoga. Mtu wa Chui akimwambia wa kwanza, "Umenenepa, nitakula lini?", ni utani. Akimwambia wa pili maneno hayohayo, amemkosea adabu, na ndiyo maana watu huulizana mukowa kwanza.

Na watani hao hao ndio, kwa desturi, huzikana. Mbuzi akifa, Chui anashika jembe.