Homa ya chanjo ya surua: kwa nini huja baada ya wiki nzima

Mama mmoja kutoka Chamwino alirudi kliniki kwetu Dodoma na mwanawe wa miezi tisa. "Daktari, mtoto alikuwa mzima. Mmemchoma sindano, sasa ana surua."

Niliiangalia kadi. Chanjo ya surua na rubela ilikuwa na siku nane. Wiki nzima mtoto alicheza, kisha usiku homa ikapanda na vipele vidogo vikatokea kifuani. Naielewa hofu yake, maana sindano za penta, chanjo ya magonjwa matano, alizochomwa mtoto akiwa mchanga zilileta joto siku ileile au kesho yake, likaisha.

Tofauti ni kwamba penta haina kijidudu hai. Chanjo ya surua inayo: kirusi hai kilichodhoofishwa kwa kukuzwa maabara tena na tena, hadi kikapoteza nguvu ya kumfanya mtu augue. Kikiingia chini ya ngozi ya mkono, huanza kuzaliana polepole. Chembe za ulinzi hukichukua hadi kwenye tezi, zikiwemo za kwapani, ambako zipo chembe nyeupe za kila namna. Chache mno kati yao zina umbo linaloshikana na kirusi cha surua. Hizo chache ndizo zinazogawanyika: mbili, nne, nane, hadi ziwe jeshi kubwa. Baadhi hutengeneza kingamwili, yaani protini zinazokinasa kirusi, nyingine huziua seli ambazo kirusi kimejificha ndani yake.

Kazi hiyo haimaliziki kwa siku moja. Hufikia kilele kati ya siku ya 7 na ya 12, na hapo ndipo watoto wengine hupata homa, na wachache vipele. Kwa hiyo alichokiona mama yule ni mwili wa mwanawe ukikisafisha kirusi. Baadaye chembe nyingi hufa, lakini zinabaki zinazokikumbuka, na surua halisi ikija hazihitaji tena wiki nzima kujiandaa.

Aliniuliza kama mtoto mdogo wa jirani ataambukizwa. Hapana, kirusi hiki cha chanjo hakiambukizi wengine.

Sindano ya pili ya chanjo hii, ya miezi 18, nayo ina sababu yake. Katika miezi tisa, takriban watoto 15 kati ya 100 hawapati kinga, mara nyingi kwa sababu kingamwili walizoachiwa na mama zao bado zipo na hukiondoa kirusi kabla tezi hazijajifunza. Ya pili huwapata hao.

Hata hivyo sikuisingizia chanjo kila kitu. Tulipima malaria kwanza, haikuwepo. Mtoto alikuwa na kilo 8, nikampa paracetamol ya maji, ile ya miligramu 120 kwa mililita 5: mililita 5 kila baada ya saa sita homa ikiwepo, isizidi mara nne kwa siku. Nikamwambia mama amrudishe haraka, hata usiku, akipata degedege, akikataa kunyonya, akipumua kwa shida, akilegea, au homa ikipita siku mbili.